Neno Lililobaki Kalamuni

Swali lilikuwa hivi: mkulima wa miaka 30 ameletwa kituo cha afya akitokea shambani, ambako alikuwa akipulizia nyanya dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfati bila kujifunika uso. Mate yanamtoka ovyo, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma na misuli ya mapaja inachezacheza yenyewe. Eleza jinsi atropini itakavyomsaidia, na kwa nini haitoshi peke yake. Alama 6.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili wa utabibu alijibu hivi: "Atropini ni dawa inayotumika kutibu sumu ya wadudu. Inazuia asetilikolini, hivyo mate yanapungua na mapigo ya moyo yanaongezeka. Haitoshi peke yake kwa sababu sumu bado imo mwilini, kwa hiyo mgonjwa apewe pia pralidoksimu na oksijeni."

Akapata alama 1 na nusu. Kesho yake akaja mlangoni kwangu ameishika karatasi kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba samaki wa juzi.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Hapa nilichoandika kuna uongo gani?"

"Marahaba. Uongo hakuna. Kaa."

Hiyo ndiyo karatasi inayoumiza kuliko zote, ile ambayo kila sentensi yake ni ya kweli na alama hazipo. Nimesahihisha nyingi za namna hiyo. Ukizichungulia unakuta mwandishi anajua, tena pengine anajua vizuri, lakini neno lililobeba alama limebaki kalamuni. Makala hii inahusu jinsi ya kulikuta neno hilo wewe mwenyewe, kabla msahihishaji hajagundua kwamba halipo. Jambo moja tuliweke sawa mapema: mitihani ya vyuo vyetu vya afya huandikwa Kiingereza, na hapa mimi nayaandika majina ya dawa na viungo kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye karatasi yako yaandike kama yalivyo kitabuni mwako.

Kwanza ujue msahihishaji ameshika nini. Mbele yake kuna mwongozo wa kusahihishia, na mwongozo huo hauna insha ndani yake. Una mistari mifupi, kila mmoja na alama yake, nusu au moja, na katika kila mstari kuna neno au maneno mawili yaliyopigiwa mstari. Kwa swali la mkulima wetu, mwongozo ulikuwa na mistari 6. Sumu imezuia kimeng'enya asetilikolinesterasi, kwa hiyo asetilikolini imerundikana. Atropini ni mpinzani shindani. Inafanya kazi kwenye vipokezi vya muskarini. Matokeo yake ni kukausha mate na makohozi, kulegeza njia za hewa na kuharakisha moyo. Haigusi vipokezi vya nikotini, kwa hiyo udhaifu wa misuli, ikiwemo ya kupumulia, unabaki palepale. Haikirudishii kimeng'enya uwezo wake. Anayefanya hivyo ni pralidoksimu, tena kabla kifungo cha sumu hakijakomaa.

Msahihishaji ana rundo la karatasi na jioni inaingia. Hatafuti kama unafahamu. Anatafuta mstari wake mmoja baada ya mwingine ndani ya maandishi yako. Akiukuta anaweka tiki, asipoukuta anasonga mbele. Si ukatili. Angeanza kukisia kilichokuwa kichwani mwa kila mtahiniwa, watahiniwa wawili walioandika jambo lilelile wangetoka na alama tofauti.

Sasa turudi kwenye karatasi ya binti yule. Sentensi ya kwanza inasema atropini hutibu sumu ya wadudu. Hilo mtungaji ameshalisema kwenye swali. Hakuna tiki. Sentensi ya mwisho imetaja pralidoksimu bila kusema inafanya nini. Nusu alama, kwa huruma ya mwongozo. Matokeo ya mate na moyo yamempa alama 1. Iliyobaki ni ile ya katikati, "inazuia asetilikolini", na hapo ndipo tulipokaa kwa muda mrefu.

Nilimwambia aifunike sehemu nyingine yote ya jibu na kuniachia maneno hayo mawili tu. Kisha nikamuuliza: ni vitu vingapi duniani vinavyoweza kusemwa kwamba "vinazuia asetilikolini"?

Akafikiri. Sumu ya botulini inazuia asetilikolini, kwa maana ya kuizuia isitoke kwenye ncha ya neva. Atropini inaizuia kwa maana ya kukalia kipokezi chake isipate pa kutua. Kisha akanyamaza, akaanza kucheka mwenyewe. "Mwalimu, na ile sumu ya mkulima nayo inazuia." Naam. Sumu ya mkulima inazuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, na matokeo yake ni kinyume kabisa: asetilikolini inajaa. Kwa maneno aliyoyaandika, sumu na dawa yake zimeelezwa kwa kitenzi kimoja.

Hapa nina dhana yangu, na nimeiona ikithibitika katika karatasi nyingi kiasi kwamba sioni haya kuisema. Wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Kiswahili cha nyumbani kina maneno mapana, yanayotosha kabisa kwa maisha ya kila siku. Kuzuia ni neno moja la namna hiyo. Tunazuia ng'ombe, tunazuia mlango, tunazuia mimba, na hakuna anayechanganyikiwa. Kwenye famakolojia, kuzuia kuna sura angalau tatu: kuzuia kitu kisitengenezwe au kisitolewe, kuzuia kimeng'enya kisifanye kazi, na kuzuia kipokezi kisipokee. Kila sura ina neno lake kitabuni, na kila neno lina alama yake kwenye mwongozo. Mwanafunzi anayehamisha "zuia" lake kutoka kichwani hadi kwenye karatasi huchukua neno la kwanza la Kiingereza linalofanana nalo, na hapo ule upana unavuka naye.

Upande wa anatomia, bingwa wa upana ni mshipa. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa uliokaza shingoni, hata mtu mwenye ngiri huambiwa ana mshipa. Neno moja limeimeza ateri, vena, neva na kano, na bado lina njaa. La pili ni mkono. Kwetu mkono unaanza begani na kuishia kwenye kucha. Kitabuni sehemu ya bega hadi kiwiko ina jina lake, ya kiwiko hadi kifundo lake, na kuanzia kifundo hadi vidoleni lake, na aliyeandika moja badala ya jingine amehamisha jeraha kwa kiasi cha urefu wa rula. Mguu nao ni vilevile.

Kwa hiyo unapokagua, usianze kwa kujiuliza "nimesahau nini?" Swali hilo halijibiki, kilichosahaulika hakionekani. Anza na kilichopo. Shika kila sentensi, ondoa jina la dawa au la kiungo, weka jina la jirani yake, kisha usome upya. Sentensi ikibaki kweli, basi haijasema jambo la dawa yako. Kuna neno halipo.

Tulilijaribu palepale. "Atropini inapunguza mate." Weka sumu ya botulini: nayo hupunguza mate, tena madaktari huitumia kwa kazi hiyo. Sentensi imebaki kweli, kwa hiyo haijatosha. "Atropini inakalia vipokezi vya muskarini kwa kushindana na asetilikolini." Weka botulini: uongo. Weka pralidoksimu: uongo. Sentensi imekataa majirani, na ukiitazama utaona kilichoifanya ikatae ni maneno mawili, muskarini na kushindana. Ndiyo hayo yaliyopigiwa mstari kwenye mwongozo, na si kwa bahati. Mtungaji wa swali huyachagua maneno ya alama kwa sababu hiyohiyo, kwamba ndiyo yanayoitenga dawa hii na nyingine.

Jirani wa kuweka usimchague ovyo. Ukiondoa atropini na kuweka panadoli, karibu kila sentensi itageuka uongo na utajidanganya kwamba jibu lako ni kali. Jirani mzuri ni yule anayefundishwa sura hiyohiyo ya kitabu. Kwa sumu ya oganofosfati, jirani wake ni kabamati, dawa nyingine ya wadudu inayozuia kimeng'enya kilekile. Andika "sumu hii huzuia asetilikolinesterasi", kisha weka kabamati: bado kweli. Unakosa nini? Unakosa namna ya kuzuia. Kabamati hujishika kwenye kimeng'enya na baada ya muda huachia yenyewe. Oganofosfati hukibandika kundi la fosfeti, na kifungo hicho, kikiachwa muda wa kutosha, hukomaa kiasi kwamba hata pralidoksimu haiwezi kukibandua tena. Neno "bila kurejea" ndilo linalowatenganisha hao wawili, na hilohilo ndilo linaloeleza kwa nini pralidoksimu inataka kuwahi. (Hospitalini mjadala kuhusu kiasi cha faida yake haujaisha. Swali lakini limeuliza inavyofanya kazi, na hapo ndipo alama zilipo.)

Neno shindani nalo lina maisha nje ya mtihani. Kama atropini inagombania kiti na asetilikolini, basi kadiri asetilikolini ilivyorundikana ndivyo atropini nyingi zaidi inavyohitajika ili ishinde. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii huanzishiwa miligramu chache kwa njia ya vena, na kipimo hurudiwa maradufu kila baada ya dakika 5 hivi, hadi kifua kikauke na mapigo na shinikizo la damu vikae sawa. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hahitaji kulikariri neno shindani. Linakuja lenyewe anapokumbuka kwa nini chupa zinaisha haraka wodini.

Sasa mfano wa anatomia, maana huko upungufu una sura nyingine. Mwendesha bodaboda ameanguka, picha ya eksirei inaonyesha mfupa wa humerasi umevunjika katikati. Taja neva iliyo hatarini, eleza kwa nini, na useme utakachokikuta ukimpima. Alama 5.

Jibu la kawaida kabisa: "Neva ya radia, kwa sababu iko karibu na mfupa. Mkono utapooza na hautakuwa na hisia."

Jina la neva limepatikana, alama 1. Sasa badilisha jirani. Je, ni neva gani nyingine iliyo karibu na humerasi? Neva ya kwapa huzunguka shingo ya upasuaji, chini kidogo ya kichwa cha mfupa. Neva ya alna hupita nyuma ya kile kifundo cha ndani cha kiwiko, ndiyo ile inayokupiga shoti ukijigonga. Zote tatu "ziko karibu na mfupa". Sentensi imebaki kweli kwa neva 3, na mfupa ni uleule mmoja. Kinachozitenga ni mahali. Kwa hiyo maneno yaliyokosekana ni ya mahali: neva ya radia hupita nyuma ya mfupa, katikati ya urefu wake, ndani ya mfuo wa radia, imeugusa mfupa wenyewe, ikiandamana na ateri ya profunda braki. Soma upya ukiweka neva ya alna. Uongo. Tayari.

Nusu ya pili, "mkono utapooza na hautakuwa na hisia", ina maradhi mawili. Mkono ni upi? Na kupooza kwa vitendo gani? Ukiweka neva ya mediani, sentensi inabaki kweli. Ukiweka fundo zima la neva za kwapani, bado kweli. Kiukweli mgonjwa huyu atashindwa kukunjua kifundo na vidole, kwa hiyo kiganja kitaning'inia akiinua mkono mbele, na hisia zitapungua mgongoni mwa kiganja, pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kisha kuna alama ya mwisho ambayo karibu kila mtu huiacha: kukunjua kiwiko kwa kawaida kunabaki, kwa sababu matawi mengi ya msuli wa trisepsi yameshatoka juu kabla neva haijafika palipovunjika.

Alama hiyo ya mwisho ina jina langu la siri: alama ya kisichotokea. Ilikuwapo pia kwa mkulima: atropini haigusi nikotini. Watungaji wanaipenda, kwa kuwa anayekariri orodha ya dalili hawezi kuifikia, wakati anayefuata njia ya neva au ya dawa kwa kidole huipitia lazima. Ukiona swali lina maneno kama "kwa nini haitoshi", "sehemu gani itasalimika" au "tofautisha", ujue ipo na imekusubiri. Hata pasipo maneno hayo, alama zikizidi idadi ya mambo uliyoandika, itafute hiyo kwanza.

Kuhesabu alama ni kazi fupi lakini usiiruke. Swali la alama 6 lenye jibu la hoja 3 lina pengo, hata kama sentensi zake zimejaa ukurasa. Weka kidole kwenye kila jambo uliloandika ambalo limefaulu jaribio la jirani na uhesabu. Binti yule alihesabu hoja moja na kipande. Angehesabu ndani ya chumba cha mtihani, angeshtuka mapema kuliko mimi.

Baada ya kujua kwamba kuna pengo, utalizibaje? Nenda kwenye kitenzi. Maneno ya alama hukaa jirani na kitenzi, kama kuku wanavyokaa jirani na jiko. Kwa dawa, kila kitenzi kiulizwe: inatenda juu ya nini hasa, kwa namna gani, mahali gani, na halafu nini kinamtokea mgonjwa? "Inazuia" ikaulizwa hivyo ikageuka "inazuia, kwa kushindana, vipokezi vya muskarini kwenye tezi, misuli laini ya njia za hewa na moyo, kwa hiyo mate na makohozi hukauka, njia za hewa hufunguka na moyo huenda mbio". Kwa neva au ateri, maswali ni mengine: inatoka wapi, inapita wapi na nani, inakwenda kuhudumia nini, na ikikatika hapa kipi kinakufa na kipi kinabaki? Maswali manne kila upande, na hayahitaji kuandikwa popote. Baada ya wiki mbili za kuyatumia kwenye karatasi za zamani utayauliza bila kujijua.

Kwenye chumba cha mtihani kazi hii ifanye mwishoni, na uitengee dakika 10. Ukijaribu kukagua kila jibu ulipomaliza tu kuliandika, jicho litasoma ulichokusudia badala ya ulichoandika. Anza na maswali yenye alama nyingi unayoyajua vizuri. Watu hukimbilia lile lililowashinda, wanakaa nalo dakika zote 10 na kupata sifuri ileile, huku lile wanalolijua limeacha alama 3 mezani kwa kukosa maneno matatu. Neno ulilolikumbuka liingize mahali pake: alama ya kuchomeka chini ya mstari, neno juu yake, kwa mwandiko unaosomeka. Usilitupe pembeni peke yake. Neno "shindani" likielea ukingoni halijasema nani anashindana na nani, na msahihishaji hana wajibu wa kuwapatanisha.

Hapo tunafika kwenye hatari ya njia yote hii. Mwanafunzi akishajua kwamba kuna maneno yanayotafutwa, hujaribiwa kuyamwaga yote. Niliwahi kukutana na jibu lililosema dawa ni "agonisti au antagonisti ya vipokezi vya muskarini na nikotini". Ndani yake maneno sahihi yote yamo. Alama ni sifuri, kwa kuwa anayesema ndiyo na hapana kwa pamoja hajajibu. Ubaya zaidi, neno lisilo mahali pake linaweza kuangusha lililokuwa sahihi: aliyeandika vizuri kuhusu muskarini kisha akaongeza "na nikotini" kwa usalama, amejinyang'anya alama 2, ile ya muskarini peke yake na ile ya kisichotokea. Kama huna uhakika na kivumishi, kiache. Sentensi pungufu hukosa alama yake tu.

Na ukiambiwa "taja mambo matatu", taja matatu. Wasahihishaji wengi husoma matatu ya mwanzo na kufunga hesabu, kwa hiyo la nne ambalo ndilo la maana litakuwa limekaa nje ya mlango. Ukikumbuka zuri zaidi, kata moja kwa mstari ulionyooka na uliweke hilo mahali pake.

Herufi nazo hubeba alama kwenye masomo haya mawili kuliko pengine. Makosa madogo ya tahajia wengi husamehe, mradi neno lisigeuke kuwa kitu kingine. Ileamu ni kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, iliamu ni mfupa wa nyonga. Kati yao kuna herufi moja. Klorpromazini ni ya maradhi ya akili, klorpropamidi ni ya kisukari. Majina yenye pacha yaandike herufi kwa herufi, hata kama mwandiko mwingine umeharakishwa. Tarakimu zina kasoro kama hiyo. Mtu mzima mwenye mzio mkali hupewa adrenalini miligramu 0.5 ndani ya msuli wa paja, aliyeandika "adrenalini 0.5" ameacha kizio na njia, na dozi hiyohiyo ikisukumwa kwa haraka kwenye vena inaweza kuutia moyo matatani. Mwongozo utamnyima alama, na wodini kosa hilo lina gharama nyingine.

Nilimpa binti kazi ya nyumbani: alirudie jibu la mkulima bila kitabu, kisha atafute mwenzake wabadilishane karatasi, kila mmoja akijitahidi kuthibitisha kwamba jibu la mwenzake linamfaa jirani. Ni mchezo unaofaa kuliko kujikagua, kwa sababu mwenzako hajui ulichokusudia. Anaona ulichoandika tu, kama mimi. Jibu lake la pili lilisomeka hivi:

"Oganofosfati imezuia asetilikolinesterasi bila kurejea, kwa hiyo asetilikolini imerundikana kwenye vipokezi vya muskarini na vya nikotini. Atropini ni mpinzani shindani wa vipokezi vya muskarini. Hukausha mate na makohozi, hufungua njia za hewa na kuongeza mapigo ya moyo. Haigusi vipokezi vya nikotini kwenye makutano ya neva na misuli, hivyo misuli ya kupumulia inaweza kubaki dhaifu na mgonjwa akahitaji kusaidiwa kupumua. Pia haikirudishii kimeng'enya uwezo; pralidoksimu hukirudishia, ikitolewa kabla kifungo hakijakomaa."

Limezidi lile la kwanza kwa mistari michache tu, na lingepata 6. Alichoniletea Ijumaa, hata hivyo, hakikuwa hilo. Alikuwa na swali.

"Mwalimu, mwenzangu amenishinda. Ameondoa atropini akaweka haiosini, jibu langu lote likabaki kweli. Nimekosea wapi?"

Hajakosea. Haiosini na atropini ni ndugu wa nyumba moja, wote ni wapinzani shindani wa muskarini, na swali halikuwauliza tofauti zao. Ukifika mahali ambapo ni ndugu wa damu tu anayeingia kwenye sentensi yako, umefika mwisho wa kukagua. Weka kalamu chini, nenda swali jingine. Isipokuwa pale mtungaji anapowaweka ndugu hao ana kwa ana. Akiuliza kwa nini atropini ikizidi humchanganya mgonjwa akili wakati glaikopironiamu haifanyi hivyo sana, basi undugu hautoshi tena, na neno linalotafutwa ni lile la chaji: glaikopironiamu ina amoniamu ya nne yenye chaji ya kudumu, kwa hiyo haivuki kwa urahisi kizuizi cha damu na ubongo.

Aliliandika neno hilo kwenye kiganja chake kwa kalamu ya bluu, akaaga, akaenda kumtafuta mwenzake.